Itifaki Imezingatiwa, Mama Hajasikia

Mwaka jana niliharibu sherehe ya watu 42 kwa karatasi moja. Sikulewa, sikuchelewa, sikumtukana mtu. Nilisoma tu nilichoshika, tangu mstari wa kwanza mpaka wa mwisho, kwa sauti safi na suti ya kuazima. Naandika haya kwa sababu karatasi ya namna ile bado inazunguka katika kambi zetu, na mwaka huu nimeshaombwa tena nishike mikro. Safari hii ile karatasi siisomi. Nataka kusema kwa nini, na nataka kuwaonyesha nitakachosoma badala yake.

Ilikuwa hapa hapa kwetu Kinama, Gasorwe. Vijana 42 walikuwa wamemaliza miezi sita ya mafunzo: ushonaji, kusuka na kunyoa, sabuni, na kompyuta. Wahitimu, au lorea kama tunavyowaita huku. Barua ya mwaliko iliandika saa tatu asubuhi, kwa hiyo wazazi walikuwa wamekaa chini ya shitingi saa mbili na nusu. Wageni walifika saa tano. Muda wote huo lorea walikuwa wamepangwa mstari nyuma ya darasa, na majoho yao, juani, wakingoja kuitwa waingie.

Wageni walipokaa, nikashika mikro. Nikasalimia kwa Kifaransa. Nikasoma orodha ya wakubwa 14, kila mmoja na cheo chake chote. Nikairudia orodha kwa Kirundi. Nikairudia kwa Kiswahili. Nikasoma historia ya mradi, kurasa mbili za Kifaransa, na mwenzangu akatafsiri. Nilipotamka neno "wahitimu" kwa mara ya kwanza, saa ya simu yangu ilionyesha dakika 23 tangu nianze kusema.

Jioni nikakutana na mama mmoja jirani yetu kwenye bomba la maji. Binti yake alikuwa kati ya washonaji. Mama alikuwa ameacha mtoto mgonjwa nyumbani, akakaa mpaka alipochoka, akaondoka kabla jina la binti halijaitwa. Hakunigombeza. Aliniuliza tu: "Mutoto wangu, ile sherehe ilikuwa ya nani? Nilingojea waite jina ya binti yangu. Mulikuwa munaita tu majina ya wakubwa."

Sikuwa na jibu. Ndiyo maana leo ninabishana.

Kwanza niseme ile karatasi ilitoka wapi, maana sikuitunga mimi. Niliipata Gitega. Ndugu yangu mmoja alihitimu masomo ya juu kule, nikaenda kumpongeza, na yule MC alinivutia sana. Kila kitu kilikwenda kama saa. Nikaomba nakala ya maneno yake, nikabadilisha majina na vyeo, nikaona nimemaliza kazi.

Lakini angalieni ile ya Gitega ilisomwa wapi. Ilisomwa ndani ya ukumbi, si chini ya shitingi. Kila aliyekaa pale alikuwa na programu iliyochapwa mapajani. Karibu wote walikuwa wamesoma kwa Kifaransa na wanazungumza Kirundi nyumbani, kwa hiyo lugha mbili zilitosha na hakuna aliyebaki nje. Na Gitega tangu mwaka 2019 ndio mji mkuu wa kisiasa. Wakubwa wa serikali wanaotajwa kwenye orodha wamekaa mbele yako kweli, na kutajwa kwao kuna maana kwa wote. Karatasi ile haikuwa mbaya. Ilikuwa nzuri kwa watu wengine. Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba maneno ya kufungua sherehe ni kama suti: ukiazima ikikutosha mabegani, yaliyobaki yatajipanga.

Sasa twende kwenye hesabu, maana ugomvi wangu wa kwanza ni wa hesabu. Nilikaa na simu nikajipima. Mimi nikisoma Kiswahili kwa sauti, polepole, mahali pa wazi, na bafle zinazokoroma, ninafikisha maneno 90 hivi kwa dakika. Ukurasa mmoja uliojaa, wenye maneno 300, unachukua zaidi ya dakika tatu. Ukiusema kwa lugha tatu ni dakika kumi. Kurasa mbili ni dakika 20. Hakuna mtu aliyeamua kwamba ufunguzi uchukue dakika 20. Kila mmoja aliongeza aya yake tu, na lugha zikaizidisha mara tatu.

Wafanyakazi wa mashirika hapa hujibu: lakini lazima tutafsiri, la sivyo tunabagua. Ni kweli, na mimi mwenyewe sitaki mtu abaguliwe. Ila kutafsiri kila neno kwa kila lugha si njia ya kutobagua. Ni njia ya kuwachosha wote kwa usawa. Mtu akishasikia lugha yake, anazungumza na jirani wakati wa lugha zile mbili nyingine, na ile kelele yake inamfunika yule ambaye zamu yake ndiyo imefika.

Tujiulize kwanza ni nani asiyeelewa nini. Wengi wetu tumetoka Kivu Kusini, na Kiswahili ndicho kinachomkutanisha Mfuliiru, Mbembe, Munyamulenge na Mshi kwenye bomba moja. Wazee wachache, hasa mama ambao hawakutoka sana mlimani, Kiswahili chao ni kidogo, lakini wanazungumza Kinyamulenge, na anayezungumza Kinyamulenge anaelewa Kirundi. Viongozi wa komini nao Kirundi ni lugha yao. Kwa hiyo Kirundi kimoja kinahudumia makundi mawili kwa mkupuo. Wanaobaki ni wageni wachache wa Bujumbura na wa nje ambao wana Kifaransa tu. Hao wanasoma. Wapeni nusu ukurasa wa Kifaransa mkononi kabla hawajakaa, na hawatapoteza kitu.

Basi mpango wangu ni huu: Kiswahili kinabeba yote. Kirundi kinarudia kiini, sentensi mbili kwa kila sehemu, si zaidi. Kifaransa kiko kwenye karatasi. Na tafadhali, MC asisalimie kwa lugha ya mama ya kabila moja tu kwa sababu eti ndiyo anayoijua. Katika kambi yetu watu wanahesabu nani kasalimiwa kwanza. Kiswahili hakina mwenyewe hapa, na hiyo ndiyo nguvu yake.

Ugomvi wangu wa pili ni na itifaki, na hapa najua wengine mtakasirika.

Sipingi itifaki. Kumtaja mkubwa kwa cheo chake ni adabu, na sisi wakimbizi tunaoishi kwa ukarimu wa nchi ya watu tuna sababu zaidi ya kuwa na adabu. Ninachopinga ni kutoielewa. Itifaki ina sheria mbili ambazo MC wengi wanazichanganya. Katika kusalimia, unaanza juu na kushuka: mgeni rasmi wa serikali kwanza, kisha wawakilishi wa taasisi, kisha komite, kisha walimu na wazazi. Katika kuhutubia, unaanza chini na kupanda: mwenyeji anakaribisha, na mgeni rasmi anasema mwisho.

Hiyo sheria ya pili ina dawa ndani yake ambayo hatuitumii. Kama mkubwa anasema mwisho, basi kuchelewa kwake si sababu ya kuwaweka watu juani saa mbili. Iko sehemu ya sherehe ambayo ni ya nyumbani: lorea kuingia, wazazi kuwaona, kwaya kuimba, mwalimu kuonyesha nguo zilizoshonwa na sabuni zilizokatwa. Sehemu hiyo ianze saa iliyoandikwa kwenye barua. Mkubwa akifika, kwaya inaimba, watu wanasimama, anakaribishwa kwa cheo chake, na sherehe rasmi inaanza. Hajapungukiwa heshima hata kidogo. Amewakuta watu wamechangamka badala ya kuwakuta wamesinzia.

Halafu kuna lile neno letu, "itifaki imezingatiwa". Tumelipokea kutoka kwa majirani wa Tanzania, na wanaozungumza Kifaransa wana lao la namna hiyo hiyo. Kazi yake ni moja tu: orodha ikishasomwa mara moja na MC, kila anayefuata aseme maneno hayo mawili na kuingia kwenye hotuba yake. Ni neno la kuokoa muda. Sisi tumeligeuza. Mwaka jana wasemaji watano walisoma orodha nzima, na kila mmoja alipomaliza kuisoma akasema "itifaki imezingatiwa". Ni kama mtu aliyekula sahani yote halafu anasema amefunga.

MC ndiye anayeweza kulizuia hili, lakini si akiwa jukwaani. Analizuia jioni ya siku iliyotangulia. Aipate orodha, aisome kwa sauti mbele ya mtu wa protokole, asahihishe vyeo, aulize nani anakuja mwenyewe na nani anatuma mwakilishi. Asubuhi aikague tena, kwa sababu daima kuna mmoja aliyebadilika. Kisha apite kwa kila msemaji amwambie kwa adabu: "Baba, orodha nitaisoma mimi kwa niaba yenu wote; ninyi mtaanza moja kwa moja." Wengi wanafurahi. Wanaisoma kwa woga tu, wasije wakaonekana wamemsahau mtu.

Ugomvi wa tatu ndio mzito kwangu, na nauelekeza kwetu MC vijana wa kambini na pia kwa wale wanaotuandikia programu.

Kuna ufunguzi unaoanza na vita. Mnaujua. MC anashusha sauti, anasema tumekimbia risasi, tumeacha wafu porini, tumelala njaa, na leo, kwa msaada wa wafadhili, tazameni! Niliusoma na mimi mwaka jana. Ulikuwa kwenye zile kurasa mbili za historia ya mradi. Wageni waliinamisha vichwa. Mmoja alipangusa macho. Nikajiona nimefanya kazi.

Lakini nilikuwa nimewapa mgongo wale 42. Binti mmoja wa kusuka aliniambia baadaye kwamba alikuwa amejipaka vizuri siku hiyo, mara ya kwanza tangu afike Burundi, na mimi nikamrudisha porini mbele ya watu. Alisema: "Nilikuja kuchukua breve yangu. Wewe ulinifanya nikuwe ushuhuda."

Sisemi tusahau. Ziko huzuni ambazo lazima zitajwe, hasa ya wale walioanza mafunzo pamoja nasi na hawakumaliza. Hao wapewe sentensi zao na kimya chao, mwishoni mwa ufunguzi, na jambo liishie hapo. Aliyepata breve ya ushonaji atajwe kwa ushonaji. Mgeni akitaka kujua alikotoka, kuna ripoti. Sherehe si mahali pa kuuza machozi ya mtu ambaye hajakubali yauzwe.

Na upo upande wa pili wa kosa hilo hilo. MC anayeiga washereheshaji wa harusi: anapiga kelele, anataka watu wapige makofi kila dakika, anatania mgeni, anatania unene wa mama fulani. Kwenye harusi watu wamekuja kucheka. Kwenye kutoa vyeti wamekuja kushuhudia. Mzee aliyevaa koti lake la pekee hataki kuambiwa "makofi hayatoshi!" kama mtoto. Sauti inayofaa ni ya kijana mkubwa wa familia anayekaribisha wageni mlangoni: ana furaha, anaonekana anajua wapi kila mtu atakaa, na hana haraka.

Kabla ya maneno yenyewe, kuna jambo la sauti ya kuanzia. Kila mwaka mtu anapendekeza ngoma, kama zile za Gishora pale karibu na Gitega. Ni ngoma kubwa kweli; UNESCO iliiingiza kwenye orodha yake ya urithi mwaka 2014. Lakini kuna amri ya Oktoba 2017: nje ya sherehe rasmi, ngoma hiyo inahitaji ruhusa ya wizara ya utamaduni na malipo ya faranga 500,000, na wanawake hawaruhusiwi kuipiga. Komite isiyojua hili inaweza kuahidi ngoma kisha ikaaibika wiki ya mwisho. Kwaya yetu haihitaji ruhusa wala faranga, na mabinti waliohitimu wanaweza kuimba ndani yake. Wimbo mmoja, beti mbili, wakati lorea wanaingia. Watu hunyamaza wenyewe ili wasikie, na MC hahitaji kusema "tunaomba utulivu" mara saba. Na kama wimbo wa taifa, Burundi Bwacu, umo kwenye programu, uwekwe mgeni rasmi anapofika, watu wakiwa tayari wamesimama, usije ukawainua mara mbili.

Haya, karatasi yangu ndiyo hii. Nimeiandika kana kwamba wale 42 wanarudi na mimi napewa nafasi ya pili. Mstari mmoja mlalo ni pumzi moja. Yaliyo kwenye mabano hayasomwi. Mgeni rasmi amekwisha kufika. Kama hajafika, ninasoma sehemu mbili za kwanza tu, kwaya inaendelea na walimu wanaonyesha kazi.

(Kwaya inamaliza. Hesabu kimya mpaka tano. Watazame watu, usitazame karatasi.)

Wahitimu wetu, karibuni. / Simameni hapo mlipo, / wazazi wenu wawaone.

(Wanasimama. Hesabu mpaka kumi. Vigelegele vikija, viache viishe vyenyewe.)

Wazazi na walezi, hawa ni watoto wenu. / Wako 42. / Miezi sita iliyopita walianza na kitambaa, kitana, mafuta ya sabuni na kompyuta. / Leo kila mmoja ana kazi mikononi mwake. / Asanteni kwa kuwaachia muda wa kujifunza, / hata siku ambazo nyumbani mliwahitaji.

(Kirundi, sentensi mbili. Kisha:) Wahitimu, kaeni.

(Geukia meza ya wageni. Simama wima. Sauti ile ile, usiipandishe.)

Mheshimiwa Msimamizi wa komini, mgeni wetu rasmi, / Mwakilishi wa ONPRA, / Mwakilishi wa HCR, / wawakilishi wa mashirika, / Rais wa komite yetu ya wakimbizi, / viongozi wa dini, / walimu, / majirani zetu wa Gasorwe, / ndugu wote: / karibuni sana. / Itifaki imezingatiwa.

(Kirundi: salamu kwa mgeni rasmi na majirani, sentensi moja.)

Leo tutafanya mambo matatu. / Tutaomba. / Tutasikia maneno ya watu wanne. / Kisha tutaita majina 42, moja moja. / Kila mzazi atasikia jina la mtoto wake kabla ya saa sita.

(Kirundi, sentensi mbili. Hii ahadi ya saa sita isirukwe.)

Wako wenzetu walioanza pamoja na hawa, na leo hawapo. / Wengine wamehama. / Wengine wamefariki. / Tunawakumbuka.

(Kimya. Hesabu mpaka kumi. Usijaze kimya kwa neno.)

Sasa tusimame kwa maombi.

Basi, imeisha. Nimeipima: pamoja na Kirundi, vimya na vigelegele, inakaa kati ya dakika tano na sita. Orodha ya wakubwa peke yake haifiki dakika moja. Hakuna aliyeachwa, na wa kwanza kutajwa ni wale waliotuleta pale.

Maombi yenyewe ni ya kupanga pia. Hapa Muyinga kuna Waislamu, wa kambini na majirani. Ombeni pasta mmoja na shehe mmoja, dakika moja kila mtu, na muwaambie hiyo dakika siku moja kabla. Ukimwambia pasta "maombi mafupi" ukiwa umeshampa mikro, umeshachelewa.

Mtasema: wewe kijana, umeiandika ikiwa kimya chumbani, siku yenyewe itakuvunjikia. Naam, itavunjika, na nawaambia itavunjikia wapi, maana nimeshaona.

Itavunjika kwa mtafsiri kwanza. Ukisema sentensi ndefu, mtafsiri atameza nusu. Utajua kwa sababu wewe umesema robo dakika na yeye amemaliza kwa maneno matatu. Usimlaumu, sentensi yako ndiyo ilikuwa kubwa kuliko kumbukumbu ya mtu. Simama, igawe, sema tena kipande kimoja. Kaeni pamoja jana yake na mpitie kila sentensi, asikutane nayo jukwaani.

Itavunjika kwa mikro. Jenereta ikizima, usipige kelele mpaka mishipa itoke. Teremka, nenda mpaka katikati ya watu, sema ukiwa pale. Kwa watu 300 chini ya shitingi, mtu aliyesimama katikati anasikika kuliko aliyesimama mbele anayelia.

Na itavunjika kwa mgeni mwingine atakayefika wakati umeshapita orodha. Hapo MC wengi hurudi mwanzo. Usirudi. Maliza sentensi, sema "Tunamkaribisha na Mwakilishi wa shirika fulani", angoje akae, endelea. Sekunde kumi.

Dalili ya kwamba umewapoteza watu haiko meza ya wageni. Wale wana adabu ya kazi, watakaa wamenyooka hata wakifa kwa usingizi. Tazama mstari wa tatu kutoka nyuma, wanakokaa mama wenye watoto mgongoni. Mama akianza kusimama na kumtikisa mtoto, bado una dakika moja. Akianza kukusanya kanga yake, umeshamaliza hata kama karatasi haijaisha.

Najua jibu la mwisho mtakalonipa, kwa sababu nimeshapewa na mtu ninayemheshimu. Alisema wafadhili wanahitaji kusikia historia ya mradi, na picha zao zinahitaji dakika zile za mwanzo, watu wakiwa bado wengi. Nilimjibu hivi. Majina 42, kila moja sekunde kumi, kijana asimame, apokee, mama apige vigelegele: ni dakika saba. Ile mwaka jana, katika zile dakika 23 nilizozungumza kabla ya kuwataja, ningeweza kuyaita majina yote mara tatu. Hiyo ndiyo picha ambayo mfadhili anapaswa kuipiga. Historia ya mradi anayo kwenye kompyuta yake. Aliisoma kabla hajatuma pesa.

Kwa hiyo, kwa wanaopanga sherehe ya mwaka huu, naomba vitu vitatu tu. Nipeni orodha ya wageni jioni ya siku iliyotangulia. Niruhusuni nianze sehemu ya nyumbani kwa saa iliyo kwenye barua, nani awe amefika au hajafika. Na wazazi wakae mbele ya upande mmoja, si nyuma ya magari. Mkinipa hivyo, nitavaa tena ile suti ya kuazima. Mkikataa, mtafuteni mwingine, na karatasi ya Gitega bado ninayo, nitampa bure.

Yule mama jirani yetu ana mtoto mwingine, safari hii kwenye kompyuta. Nimemuahidi saa sita.